Chui ambaye kila kitu kinamthibitisha

Rasimu ilikuwa na kurasa 14, na kichwa chake kilikata shauri tangu mwanzo: chui wa Unguja hajatoweka. Aliyeiandika ni mtoto wa kaka yangu, yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Aliniletea kwa kuwa nasomesha baiolojia skuli ya sekondari, na nadhani pia alitaka kusikia kutoka kwa shangazi yake kwamba kazi ni nzuri. Kwa mengi ilikuwa nzuri. Alikaa Kitogani wiki mbili kwa ami yangu, ambaye yeye anamwita Babu, akaandika kila alichosikia barazani bila kuongeza chumvi, na alikwenda mwenyewe hadi makondeni na rula mkononi. Nilikuwa nasoma kwa raha hadi ukurasa wa tisa. Pale palikuwa na sentensi hii: "Kamera hazikumnasa chui kwa sababu chui waliobaki ni wa kufuga, na chui wa kufuga haonekani ila mwenyewe apende."

Nikaweka karatasi chini. Sentensi hiyo moja ilikuwa inaangusha kurasa nane zilizotangulia, na yeye aliiandika akidhani inazishikilia.

Kwanza, habari za mnyama mwenyewe. Chui wa Unguja aliingizwa katika vitabu vya elimu ya wanyama mwaka 1932 na Reginald Pocock, aliyekuwa akifanya kazi katika makumbusho ya historia ya asili ya London. Alimpa jina la Panthera pardus adersi. Alikuwa mdogo kuliko chui wa bara, na madoadoa yake yalikuwa madogo, yamekatikakatika. Hakuwa ngano: ngozi zake zipo kwenye makumbusho, na mmoja aliyekaushwa amehifadhiwa hapa hapa Zanzibar. Wazee wengi wa kusini wanaamini chui walikuwa wa aina mbili, wa mwitu na wa kufuga, na kwamba wale wa kufuga walikuwa wa wachawi, wakitumwa kutisha watu na kula mifugo yao. Imani hiyo haikubaki maneno ya barazani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanyika kampeni kubwa ya kufichua wachawi na kuua chui, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Watafiti Helle Goldman na Martin Walsh waliifuatilia historia hii kwa miaka, na mwaka 2002 walichapisha makala iliyouliza moja kwa moja kama chui huyu ametoweka. Hofu yao ilikuwa kwamba kama bado yupo, hana muda.

Kwa hiyo kijana wetu hakuchagua swali la kipuuzi. Ni swali halali kabisa, na ndiyo maana sikutaka aliharibu.

Rasimu ilisimama juu ya vitu vitatu: mbuzi aliyeuawa usiku, alama za nyayo kwenye tope, na ushuhuda wa wazee. Nitaanza na nyayo, maana zinaonyesha vizuri jinsi dai linavyojiweka mahali pa kupigwa. Alikuwa amepiga picha alama moja pembeni ya shimo la maji, rula imelazwa kando yake, upana sentimita 6 na nusu. Aliandika: "Nyayo hii yaweza kuwa ya chui." Nikamuuliza, ingekuwaje ndipo useme si ya chui? Hakuwa na jibu tayari, lakini jibu lipo, na halihitaji maabara. Chui, kama paka yeyote wa nyumbani, anatembea kucha zikiwa ndani, hivyo kwa kawaida alama yake haina vitobo vya kucha mbele ya vidole. Mbwa kucha zake ziko nje daima. Kitako cha wayo wa paka kina mabonde mawili nyuma, kwa hiyo ukingo wake wa nyuma unatoa vinundu vitatu. Alama ya mbwa ni ndefu kuliko upana wake, na ukivuta mistari kupita kati ya vidole na kitako unapata umbo la msalaba. Upana peke yake hausaidii, kwa sababu mbwa mkubwa anafika sentimita 6 na nusu bila taabu.

Tukaikuza picha kwenye simu. Mbele ya vidole viwili vya kati palikuwa na vitobo viwili vidogo, vyembamba, vimejaa maji. Akavitazama kwa muda. "Mbwa, shangazi," akasema.

Napenda msomaji aone kilichotokea hapo. Dai "alama hii ni ya chui" lilikuwa dai zuri hata lilipokufa. Lilisema jambo kuhusu dunia ambalo dunia ingeweza kulikataa: lilikataza kucha. Kucha zikaonekana, likaanguka. Karl Popper, mwanafalsafa wa Vienna, alilitia jambo hili kwenye maandishi mwaka 1934. Kwake, alama ya kauli ya kisayansi ni kukanushika, yaani uwepo wa tukio linaloweza kuonekana, ambalo likitokea kauli inalazimika kuachwa. Si kwamba kauli hiyo ni ya uongo. Ni kwamba tunajua, hata kabla ya kwenda kutazama, ni kitu gani kingeionyesha kuwa ya uongo. Kadiri kauli inavyokataza mengi, ndivyo inavyotuambia mengi. Ukiniambia mvua itanyesha au haitanyesha, huwezi kukosea kamwe, na mimi sijui kama nianike karafuu.

Mbuzi naye alikwenda njia hiyo hiyo. Chui kwa kawaida hukaba koo na humvuta mnyama hadi kichakani au juu ya mti. Mbwa wanaowinda kwa kundi hung'ata popote wanapofikia, hasa mapaja na mkia, na huacha mzoga umechanwachanwa hapo hapo. Maelezo aliyoyaandika yeye mwenyewe yalisema mapaja yalikuwa yamechanwa na koo zima halina jeraha. Alikuwa nayo kwenye daftari siku zote hizo, ila hakujiuliza yanakataza nini.

Sasa tufike kwenye kamera, maana hapo ndipo penye kiini cha kisa.

Kauli "chui yupo Unguja" ina tabia ya pekee ambayo Popper mwenyewe aliionyesha. Ni rahisi kuithibitisha: mlete chui mmoja, basi. Lakini ikiachwa hivi hivi, bila mahali mahususi na bila muda, haikanushiki. Ukitafuta Jozani ukamkosa, yuko Charawe. Ukitafuta Charawe, usiku ule alikuwa Ukongoroni. Mwaka huu hakupita, mwakani atapita. Wakati huo huo kauli ya upande wa pili, "chui ametoweka," inakanushika vizuri mno, kwa sababu picha moja tu ya kuaminika inaiua. Watu wengi wanadhani wanasayansi waliosema ametoweka ndio wenye kiburi, na wanaosema huenda yupo ndio wanyenyekevu. Kwa mizani hii ni kinyume: aliyesema ametoweka ameweka shingo yake mezani.

Dawa ni kuifunga kauli. Badala ya "yupo", sema: "Katika msitu wa Jozani, ambao pamoja na ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya takriban kilomita za mraba 50, kuna chui anayezunguka sasa." Hapo kamera za kujipiga zenyewe zina kazi ya kufanya, na hesabu inawezekana. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kama chui yumo, kamera moja kwa usiku mmoja ina nafasi 1 katika 200 ya kumnasa. Ukiweka kamera 20 kwa usiku 60, una jumla ya usiku wa kamera 1,200. Tukiiita nafasi ya kunasa p, na idadi ya usiku wa kamera n, nafasi ya kumkosa chui aliyepo ni:

```
(1 - p)^n = (1 - 0.005)^1200 ≈ 0.002
```

Yaani kama mara 2 katika 1,000. Ukirudi mikono mitupu baada ya kazi hiyo, kauli "yumo" imepata kipigo kizito. Lakini badilisha kitu kimoja. Tuseme nafasi ya kamera moja si 1 katika 200, ni 1 katika 2,000. Sasa ukokotozi unatoa takriban 0.55. Zaidi ya nusu ya misako ya namna hiyo ingemkosa chui aliyepo, na mikono mitupu haisemi kitu. Na bado hapo tumechukulia kwamba kila usiku unajitegemea, jambo ambalo si kweli kabisa, kwa kuwa kamera iliyowekwa mahali pabaya ni mbaya usiku wote 60.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea ile nafasi ya kunasa, na hapo mtetezi wa chui ana haki ya kupinga. Anaweza kusema: kamera zenu ziliwekwa kwenye njia pana, na chui huyu anapita kwenye mapango na vichaka vya maweni. Hilo ni pingamizi halali. Linaliokoa dai, lakini linaliokoa kwa kulipeleka mahali pengine ambapo nako linaweza kupigwa: haya, hamisha kamera maweni. Ndivyo ilivyokuwa kwa sayari ya Uranus. Haikufuata njia ambayo hesabu za Newton ziliipa, na badala ya kuzitupa hesabu hizo, Urbain Le Verrier alisema ipo sayari nyingine inayoivuta, akataja na mahali pa kutazama. Johann Galle alielekeza darubini Berlin mwezi Septemba 1846, akaikuta Neptune karibu na mahali alipoambiwa. Le Verrier huyo huyo alijaribu ujanja huo tena kwa mwendo wa Zebaki, akaibuni sayari aliyoiita Vulcan. Ilitafutwa miaka mingi, haikuonekana, na hatimaye ikaachwa. Utetezi wote wawili ulikuwa wa heshima, kwa sababu wote wawili ungeweza kushindwa, na mmoja ulishindwa kweli.

Sasa linganisha na sentensi ya ukurasa wa tisa. Chui wa kufuga haonekani ila mwenyewe apende. Kamera ikimnasa: yupo. Kamera isipomnasa: yupo, mwenyewe hakupenda. Ukihamisha kamera maweni na usimwone, ni yale yale. Ukiweka kamera 2,000, ni yale yale. Utetezi huu haukupeleka dai mahali pengine pa kupimwa, umeliondoa kwenye kupimwa kabisa. Kijana alifikiri ameongeza nguvu, kwa sababu sasa hakuna awezaye kumshinda. Nilimwambia ageuze shilingi aone upande wa pili. Kama kukosekana kwa picha hakupunguzi dai lako, basi kupatikana kwa alama za nyayo kulikuwa hakuliongezi chochote. Ushahidi ni njia ya pande mbili. Ukurasa wa nne ulijivunia nyayo na ukurasa wa saba ukajivunia mbuzi, kisha ukurasa wa tisa ukatangaza kwamba dai hili lingekuwa kweli hata bila nyayo wala mbuzi. Kumbe ulivipima vya nini?

Madhara yake kwa hoja ni ya vitendo, si ya falsafa tu. Msomaji mwenye shaka hana tena kitu cha kujadiliana nawe. Hawezi kukuuliza picha ilipigwa wapi, maana jibu halitabadilisha lolote. Anabaki na mambo mawili: akuamini, au asikuamini. Na rasimu iliyoandikwa kumshawishi mtu asiyeamini imegeuka kuwa ya wanaoamini tayari.

Kijana akabisha, na kubisha kwake kulikuwa na maana. Akasema: "Lakini shangazi, si ina maana Babu ni mwongo?" Hapana, hata kidogo. Kutokanushika si uongo. Huenda dai lisilopimika likawa la kweli; tatizo ni kwamba hatuna njia ya kulitofautisha na lingine lisilopimika linalosema kinyume. Tena ndani ya maneno ya ami yangu mna mambo mawili yaliyofungwa kamba moja, na inafaa yafunguliwe. La kwanza ni kwamba kuna watu wanaofuga chui. Hilo linapimika. Chui mzima anahitaji kilo kadhaa za nyama kwa siku, wastani. Nyama hiyo lazima itoke mahali, kwenye mabanda ya mbuzi au kwa paa wa msituni. Atatoa kinyesi, na ndani yake mtakuwa na manyoya na vipande vya mifupa vya alichokula. Atazeeka, atakufa, ataacha fuvu. La pili ni kwamba mwenyewe anaweza kumfanya asionekane kabisa, yeye na kila alama yake. Hilo ndilo lisilopimika, na lilikuwa linalifunika la kwanza kama blanketi.

Kulikuwa na jambo moja zaidi nililotaka aliingize, kwa sababu linatoka humu humu kisiwani na linafaa kuliko Neptune. Kuna aina ndogo ya kanu anayeishi Unguja, Genetta servalina archeri. Wanasayansi hawakumjua hadi miaka ya 1990. Jina lake la kitaalamu lilitolewa mwaka 1998. Ni mdogo kuliko chui mara nyingi, anatembea usiku, ni adimu kuonekana. Mwaka 2003 zilichapishwa picha zake za kwanza, zilizopigwa na kamera za kujipiga msituni Jozani. Hiki ni kipimo cha kipimo chenyewe. Mtu akisema kamera haziwezi kunasa mnyama wa siri wa usiku katika msitu ule, kanu ni jibu. Hatumalizi ubishi kwa hilo, kwa kuwa kanu na chui hawatembei njia moja na hawana idadi moja, lakini ile nafasi ya kunasa imeacha kuwa namba ya kubuni tu.

Nilipomaliza upande wake niligeukia wangu, na hili sikutaka lipite. Sisi tunaoamini ametoweka nasi tunaweza kuingia ukurasa wa tisa wetu. Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilionyesha video ya usiku ya mnyama aliyetajwa kuwa chui wa Unguja. Nakumbuka barazani na skuli nilivyosikia majibu ya papo hapo: ni paka mkubwa, ni chui wa bara kaletwa, ni uzushi wa televisheni. Kila moja laweza kuwa kweli, lakini yakitolewa yote pamoja, kabla hata ya kuitazama video, yanafanya kazi ile ile ya "mwenyewe hakupenda". Kama hakuna picha yoyote duniani ambayo ningeikubali, basi "ametoweka" yangu nayo haikanushiki tena. Nimejiwekea masharti, na nilimwandikia kijana pembeni ya karatasi: mahali pajulikane, mtu mwingine aweze kurudi pale pale, asimamishe fimbo ya mita 1 alipopita mnyama, apige picha kwa kamera ile ile bila kuisogeza, na urefu wa bega upimwe kwa fimbo hiyo. Paka wa nyumbani hafiki popote karibu na chui kwa kipimo hicho. Kuhusu kuletwa kutoka bara, manyoya au kinyesi vikipatikana vilinganishwe vinasaba na ngozi za makumbusho. Yakitimia hayo, nitakubali, na nitaandika kwamba nilikosea.

Wiki iliyofuata tulikwenda Kitogani pamoja. Ami alikuwa barazani na kahawa yake. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, kijana alimsomea ukurasa wa tisa, kisha akamweleza, kwa heshima, kwa nini anaufuta. Nilikuwa na wasiwasi mzee atachukia. Alinyamaza kwanza.

"Kwa hiyo mnataka niseme atapita wapi," akasema.

"Ndiyo, Babu. Na lini. Na kama asipopita, tuseme nini."

Ami akaweka kikombe chini. Akasema wa kufuga hamsemei, hao wana wenyewe. Lakini wa mwitu, kama amebaki hata mmoja, hawezi kuacha kunywa. Kiangazi kikikaza, maji ya huku maweni hukauka yote isipokuwa mahali pawili, na yeye anapajua tangu akichunga. Akachora kwa fimbo kwenye vumbi: njia, mbuyu, pango la kwanza, pango la pili. Kijana akapiga picha mchoro, akauliza kiangazi kiwe kipi.

"Kuanzia Januari mpaka mvua za masika zianze. Weka kamera zako pale miezi yote hiyo, pango zote mbili, chini, usawa wa goti. Asipokuja kunywa hapo," mzee akasema, "basi wa mwitu amekwisha, na mimi nitakwambia amekwisha."

Kijana aliyaandika maneno hayo kama yalivyo. Sasa ndiyo yanayofungua ukurasa wa tisa.